Kulinganisha oda, hati ya mapokezi na ankara kabla ya kulipa: mwongozo kamili wa mstari kwa mstari

Faili za malipo ninazoletewa nizikague zina kasoro moja inayojirudia. Karatasi tatu zimebanwa pamoja, mhuri wa "Imelinganishwa" umegongwa juu yake, sahihi zote zipo, na bado kampuni imelipia mzigo ambao haukuingia stoo. Ukichunguza, unakuta karani alichukua jumla iliyo chini ya ankara, akaitazama pamoja na jumla iliyo chini ya oda, akaona tofauti ni ndogo, akapitisha malipo. Hati ya mapokezi iliambatishwa tu ili faili ionekane imekamilika.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuifanya kazi hiyo kwa mstari mmoja mmoja wa bidhaa. Nitatumia mfano mmoja kuanzia oda hadi malipo, na ni vyema uufuate ukiwa na kikokotoo mkononi.

## Vitu unavyohitaji mezani

Weka oda ya ununuzi iliyoidhinishwa, ile ambayo ofisi nyingi za Nairobi huiita LPO, pamoja na marekebisho yake yote yaliyotiwa sahihi.

Weka hati zote za mapokezi zilizoandikwa kwa oda hiyo. Nasema zote kwa sababu oda moja inaweza kuletwa kwa safari mbili au tatu, na hati unayokosa ndiyo itakayokupotosha. Ambatisha pia hati ya mzigo, yaani ile ambayo dereva huja nayo na kutiwa sahihi mzigo unaposhushwa.

Weka ankara ya msambazaji iliyotolewa kupitia eTIMS, mfumo wa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA. Mwisho, fungua daftari la ankara zilizokwisha kupokelewa na orodha ya wasambazaji iliyo na PIN zao na akaunti zao za benki.

Hati mojawapo ikikosekana, usianze. Kulinganisha karatasi mbili huku ukisubiri ya tatu huleta mazoea mabaya, kwa maana hiyo ya tatu ikifika inakuwa imekwisha kuamuliwa itasema nini.

## Mfano tutakaoufuata

Hoteli moja ya Westlands inaagiza vifaa vya usafi kutoka kwa msambazaji aliye Eneo la Viwanda. Oda namba 0417 ya tarehe 3 Machi 2025 ina mistari mitatu, na bei zake zote ni kabla ya VAT:

- Sabuni ya maji, mtungi wa lita 20: mitungi 40 kwa shilingi 1,850, jumla 74,000.
- Karatasi za chooni, bunda la roli 40: mabunda 60 kwa shilingi 1,200, jumla 72,000.
- Glavu za mpira, katoni ya boksi 10: katoni 12 kwa shilingi 4,500, jumla 54,000.

Mistari hiyo inafanya shilingi 200,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 16, ambayo ni 32,000, oda nzima inakuwa shilingi 232,000.

## Hatua ya 1: Hakikisha oda inaweza kulinganishwa

Oda isiyoeleza kipimo haiwezi kulinganishwa na chochote. "Glavu 12" ni maneno yasiyo na maana, kwa sababu glavu huuzwa kwa jozi, kwa boksi na kwa katoni, na kila kimoja kina bei yake. Ndiyo maana katika mfano wetu kila mstari unataja chombo na kilichomo: mtungi wa lita 20, bunda la roli 40, katoni ya boksi 10.

Jambo la pili ni VAT. Oda lazima iseme wazi kama bei ni kabla au baada ya kodi. Oda ikinyamaza, msambazaji atasema bei ya 1,200 aliyokubali ilikuwa kabla ya kodi, afisa ununuzi atasema kodi ilikuwa ndani, na wewe karani wa malipo utabaki katikati bila maandishi ya kukuongoza.

Angalia pia tarehe. Oda iliyoandikwa baada ya mzigo kufika, au siku ileile ya ankara, imetengenezwa ili kukamilisha faili. Irudishe kwa aliyeidhinisha, aeleze kwa maandishi kwa nini bidhaa ziliagizwa bila oda. Usiikubali kimyakimya, maana bei iliyomo imenakiliwa kutoka kwenye ankara na kwa hiyo zitalingana daima.

Hatua hii imefanikiwa ikiwa mtu ambaye hakuhusika na ununuzi anaweza kuisoma oda na kusema bila kuuliza ni kitu gani, kiasi gani na kwa bei gani.

## Hatua ya 2: Hati ya mapokezi izaliwe na hesabu

Hapa ndipo kazi yote inaposimama au kuanguka, na ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu zaidi.

Hati ya mapokezi ina thamani ikiwa tu imeandikwa na mtu aliyehesabu mzigo. Mtunza stoo akiinakili kutoka kwenye hati ya mzigo ya dereva, basi faili yako ina karatasi tatu lakini ina mashahidi wawili tu, mnunuzi na muuzaji. Muuzaji ameongea mara mbili: mara ya kwanza kwa hati ya mzigo, mara ya pili kwa ankara.

Njia inayofanya kazi ni kumpa mtunza stoo nakala ya oda yenye majina ya bidhaa na vipimo vyake, lakini safu ya idadi ikiwa imefichwa. Atajua ni kitu gani kinatarajiwa, ila idadi itambidi aitafute kwa macho na mikono yake. Akimaliza kuhesabu na kuandika kwa kalamu, ndipo anapofungua hati ya mzigo na kuzilinganisha, dereva akiwa bado amesimama pale. Mpangilio huo ndio muhimu: hesabu kwanza, karatasi ya dereva baadaye.

Dereva atakuwa na haraka. Lori limezuia geti, ana wateja wengine wa kuwafikia kabla ya msongamano wa jioni, na atasema mzigo umefungwa kiwandani hivyo hauna haja ya kuhesabiwa. Mtunza stoo asimame imara kwa upole. Mzigo ukiwa mkubwa kupita muda uliopo, ateue vyombo vichache avifungue na ahesabu vingine vyote kwa nje.

Katika mfano wetu lori lilifika tarehe 6 Machi. Hivi ndivyo hesabu ilivyokwenda.

Mitungi ya sabuni ilikuwa 40. Mtunza stoo aliipanga kwenye sakafu kavu ya saruji, akasubiri dakika chache, kisha akainua mmoja baada ya mwingine. Miwili iliacha duara la unyevu sakafuni, na vifuniko vyake vilikuwa vinateleza alipovigusa. Akaikataa na kuirudisha ndani ya lori. Kwa hiyo iliyofika ni 40, iliyokubaliwa ni 38, na idadi inayohesabika katika malipo ni hiyo ya pili.

Mabunda ya karatasi yalikuwa 60. Alifungua matatu na kuhesabu roli zilizomo, kwa sababu bunda la roli 36 likifungwa vizuri linafanana sana na la 40 ukilitazama kwa mbali. Yote matatu yalikuwa na roli 40.

Katoni za glavu zilikuwa 8 badala ya 12. Dereva alisema nyingine zitakuja.

Hati ya mapokezi ikaandikwa: sabuni 38 zimekubaliwa na 2 zimekataliwa kwa kuvuja, karatasi mabunda 60, glavu katoni 8. Maneno hayohayo yaliandikwa kwenye nakala zote mbili za hati ya mzigo, ile ya dereva na ile ya hoteli, na wote wawili wakatia sahihi. Usisahau nakala ya dereva. Ikiwa tofauti imeandikwa kwenye nakala yako peke yake, msambazaji atakuja na yake iliyo safi, na utakuwa huna cha kumjibu.

### Utatambuaje hati ya mapokezi iliyonakiliwa?

Chukua hati 30 za mwisho za stoo moja na uziweke kando ya hati za mzigo. Stoo inayohesabu kweli huwa na upungufu hapa, kilichovunjika pale, ziada ya kimoja kule. Ikiwa zote 30 zinalingana kwa kila mstari, nenda getini asubuhi moja usimame utazame mzigo unavyopokelewa.

Dalili nyingine ni maandishi. Muuzaji akikosea jina la bidhaa kwenye hati yake, na kosa lilelile la herufi likaonekana kwenye hati yako ya mapokezi, basi karani alikuwa anasoma karatasi na wala hakuwa anatazama mzigo. Vilevile hati ya mapokezi yenye tarehe ya siku ankara ilipofika, wakati kitabu cha askari wa getini kinaonyesha lori liliingia siku nne kabla, imeandikwa ili malipo yapite.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo mtunza stoo alikuwa mwaminifu kabisa, lakini hati zake za mapokezi ziliandikwa kila Ijumaa kutokana na rundo la hati za mzigo. Tulilipia magunia yaliyorudishwa kwa sababu ya unyevu, kwa kuwa kufikia Ijumaa hakuna aliyekumbuka kwamba yalirudishwa. Msambazaji hakutudanganya, sisi ndio tuliotia sahihi kwamba tumepokea.

## Hatua ya 3: Kagua ankara yenyewe kabla ya kuilinganisha

Ankara ya mfano wetu ilifika tarehe 10 Machi. Kabla ya kugusa bidhaa, angalia mambo haya.

Je, ni ankara ya eTIMS, na PIN ya kampuni yako imeandikwa humo bila kukosewa? Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kupunguza faida inayotozwa kodi, isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria. Na PIN yako ikikosekana, utapata shida kudai VAT uliyolipa. Piga picha msimbo wa QR kwa simu ili ufungue taarifa zilizo upande wa KRA, kisha soma jumla na jina la muuzaji. Zinapaswa kuwa sawa na zilizo kwenye karatasi. Ankara ya makadirio ambayo wauzaji hutoa kabla ya kuuza haitoshi, hata kama imegongwa mhuri.

Je, namba ya oda imetajwa? Ankara isiyotaja oda hukufanya ukisie inahusu mzigo gani, na oda mbili za bidhaa zilezile kwa mwezi mmoja zinatosha kukuchanganya.

Je, ankara hii imekwisha kupokelewa? Msambazaji anayedai kwa barua pepe kisha akaleta karatasi wiki mbili baadaye anaweza kulipwa mara mbili bila kukusudia. Kama daftari lako liko kwenye Excel, weka PIN ya msambazaji katika safu ya A na namba ya ankara katika safu ya B, kisha tumia fomula hii:

```
=SUMPRODUCT((A$2:A$500=A2)*(B$2:B$500=B2))
```

Jibu likizidi 1, ankara hiyo imeingizwa zaidi ya mara moja. Kabla ya kuandika namba, ifanye safu ya B iwe ya maandishi. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba, na zinazozidi hapo huzigeuza kuwa sifuri, hivyo ankara mbili tofauti zenye namba ndefu zinaweza kuonekana kuwa moja. Kwa sababu hiyohiyo nimeepuka COUNTIFS, ambayo husoma maandishi ya tarakimu tupu kana kwamba ni namba.

## Hatua ya 4: Linganisha mstari kwa mstari

Kanuni ni moja na haibadiliki: idadi ya kwenye ankara hupimwa kwa hati ya mapokezi, na bei ya kwenye ankara hupimwa kwa oda. Jumla ya chini huja mwisho, kama matokeo.

Anza kwa kugeuza vipimo. Mfumo wa msambazaji wetu huuza glavu kwa boksi, kwa hiyo ankara yake inasema boksi 120 kwa shilingi 450. Oda inasema katoni 12 kwa shilingi 4,500. Katoni ina boksi 10, hivyo 120 ukigawanya kwa 10 unapata katoni 12, na 450 ukizidisha kwa 10 unapata 4,500. Bei iko sawa. Andika hesabu hiyo kwa penseli kando ya mstari, ili atakayekagua baada yako asiirudie. Kuwa mwangalifu hasa pale ankara inapotumia neno la kipimo kidogo pamoja na bei ya kipimo kikubwa, kwa mfano "boksi 12 kwa 4,500". Idadi na bei zitafanana na za oda, ilhali ulicholetewa ni sehemu moja ya kumi.

Baada ya kugeuza, mistari inasimama hivi:

| Bidhaa | Imeagizwa | Imekubaliwa | Kwenye ankara | Bei ya oda | Bei ya ankara |
|---|---|---|---|---|---|
| Sabuni, mtungi | 40 | 38 | 40 | 1,850 | 1,850 |
| Karatasi, bunda | 60 | 60 | 60 | 1,200 | 1,260 |
| Glavu, katoni | 12 | 8 | 12 | 4,500 | 4,500 |

Kwa kila mstari, kiasi cha kulipa ni idadi ndogo kabisa kati ya zile tatu, ukizidisha kwa bei ndogo kati ya zile mbili. Kama safu za jedwali hilo ziko A hadi F kwenye Excel, fomula ni:

```
=MIN(B2,C2,D2)*MIN(E2,F2)
```

Sabuni ni 38 kwa 1,850, yaani 70,300. Karatasi ni 60 kwa 1,200, yaani 72,000. Glavu ni 8 kwa 4,500, yaani 36,000. Jumla ni 178,300, VAT ni 28,528, na kinachostahili kulipwa ni shilingi 206,828.

Sasa tazama ankara. Mistari yake inafanya 203,600, VAT yake ni 32,576, na jumla yake ni shilingi 236,176. Imezidi inachostahili kwa shilingi 29,348.

Hebu turudi kwa karani anayetazama jumla pekee. Oda ilikuwa 232,000 na ankara ni 236,176, tofauti ya 4,176, ambayo ni asilimia 1.8. Ofisi nyingi huruhusu tofauti ndogo, mathalani asilimia 2, ipite bila kuulizwa, na kwa kipimo hicho ankara hii ingelipwa mchana uleule. Mitungi miwili iliyovuja, katoni nne ambazo hazijafika na bei iliyopandishwa, vyote vingejificha ndani ya hiyo asilimia 1.8.

Kwa hiyo, kama kampuni yako inavumilia tofauti, kiwango hicho kiwekwe kwenye bei ya mstari, na kiwe na kikomo cha shilingi pia. Bei ya karatasi imepanda kwa asilimia 5, na ukipima kwa mstari inaonekana papo hapo. Upande wa idadi sioni sababu ya kuvumilia chochote kwa vitu vinavyohesabika kimoja kimoja. Uvumilivu una maana kwa vitu vinavyopimwa kwa mizani au kwa mita, kama mchanga au dizeli, ambapo vipimo viwili vya kweli vinaweza kutofautiana kidogo.

Onyo moja kuhusu fomula hiyo. Idadi iliyokubaliwa inapaswa kuwa ile ambayo bado haijalipiwa. Katoni nne zikija baadaye na hati yao ya mapokezi, usiandike 12 kwenye ankara ya pili, kwa maana 8 zimekwisha kulipiwa. Na idadi ya oda nayo iwe salio lake, yaani 4.

## Hatua ya 5: Shughulikia tofauti bila kuikwaruza ankara

Kosa la kawaida ni kukata idadi kwa kalamu nyekundu, kuandika idadi mpya juu yake na kulipa kilichopungua. Kwa fedha taslimu umepatia, lakini kwenye kumbukumbu za KRA ankara ile bado inasema 236,176 na VAT ya 32,576. Msambazaji anaonekana ameuza asichokiuza, nawe ukidai VAT yote utakuwa umedai kodi ya bidhaa ambazo hukupokea.

Dawa yake ni noti ya krediti, yaani hati ya msambazaji inayopunguza deni la ankara, nayo itolewe kupitia eTIMS ikitaja namba ya ankara ya awali. Andika barua pepe fupi inayotaja kila tofauti na ushahidi wake:

"Kuhusu ankara yenu ya oda 0417. Mitungi 2 ya sabuni ilikataliwa tarehe 6 Machi kwa kuvuja, kama ilivyoandikwa kwenye hati ya mzigo iliyotiwa sahihi na dereva wenu, shilingi 3,700. Bei ya karatasi kwenye oda ni 1,200 na mmetoza 1,260, tofauti ya shilingi 3,600. Katoni 4 za glavu hazijafika, shilingi 18,000. Tafadhali toeni noti ya krediti ya shilingi 25,300 pamoja na VAT ya 4,048, jumla 29,348."

Kila tofauti ina mwenyewe ndani ya kampuni pia. Ya idadi mpelekee mtunza stoo athibitishe. Ya bei mpelekee afisa ununuzi, naye akikubali kwamba bei ilipanda kwa makubaliano, lazima alete marekebisho ya oda yaliyoidhinishwa na mtu yuleyule mwenye mamlaka ya kuidhinisha oda ya kwanza. Neno la simu halitoshi. Wewe karani wa malipo huna ruhusa ya kuamua bei, hata pale ambapo tofauti ni shilingi 60 kwa bunda.

Glavu zinahitaji uamuzi tofauti. Kama zinakuja ndani ya siku chache na muda wa malipo ni siku 30, ni rahisi zaidi kuisubiri hati ya pili ya mapokezi na kuomba noti ya krediti ya sabuni na karatasi peke yake, ambayo ingekuwa 7,300 na VAT ya 1,168. Katika mfano wetu msambazaji alijibu kwamba glavu zimeisha na hajui zitapatikana lini. Hapo ni afadhali ziondolewe kwenye ankara kabisa, kisha zitozwe kwa ankara mpya zikifika. Kuishikilia ankara nzima kwa sababu ya katoni nne kunamwonea msambazaji aliyeleta mengine yote.

Hatua imekamilika wakati ankara ukiitoa noti ya krediti inabaki 206,828 kamili, na VAT inabaki 28,528.

## Hatua ya 6: Lipa kiasi sahihi kwa mtu sahihi

Kama kampuni yako imeteuliwa na KRA kuwa wakala wa kuzuia VAT, utakata asilimia 2 ya thamani kabla ya kodi. Asilimia 2 ya 178,300 ni 3,566, hivyo msambazaji anapokea 203,262 na hiyo 3,566 inapelekwa KRA kwa niaba yake. Angalia kwamba umekata kwenye thamani iliyolinganishwa. Ukikata kwenye 203,600 ya ankara ya awali utapata 4,072, na msambazaji atakuja kudai cheti kisicholingana na mauzo yake. Kama kampuni yako haikuteuliwa, usikate chochote hapa.

Kisha fungua orodha ya wasambazaji na ulinganishe namba ya akaunti ya benki. Ikiwa ankara inaonyesha akaunti mpya, piga simu kwa namba iliyo kwenye orodha yako. Usitumie namba iliyoandikwa kwenye ankara hiyo wala kwenye barua pepe iliyoileta.

Gonga mhuri wa "Imelipwa" kwenye hati zote tatu na uandike namba ya malipo. Hati ya mapokezi isiyogongwa mhuri inaweza kubanwa kwenye ankara nyingine.

## Hatua ya 7: Mistari iliyobaki wazi mwisho wa mwezi

Kila mwisho wa mwezi toa orodha mbili. Ya kwanza ni bidhaa zilizopokelewa ambazo ankara zake hazijafika. Hizo ni deni la mwezi huo hata kama hujadaiwa, na ziingizwe kwenye vitabu kwa bei ya oda. Ya pili ni oda ambazo hazijakamilika, na hapo oda 0417 itaonekana ikiwa na katoni 4 za glavu. Ikikaa hapo miezi miwili bila habari, mwombe afisa ununuzi aifunge kwa maandishi, kwa sababu oda iliyoachwa wazi ni mlango ambao ankara ya baadaye inaweza kupitia.

## Mahali ambapo kulinganisha hakufiki

Njia hii haimkamati afisa ununuzi aliyekubali bei ya juu kwenye oda yenyewe. Oda, mapokezi na ankara vitalingana vizuri kabisa kwa bei mbaya, na kinga ya hilo ni nukuu za bei zilizokusanywa kabla ya oda. Haimkamati pia mtunza stoo aliyeelewana na dereva. Hilo hufichuliwa na hesabu ya ghafla ya stoo, ifanywe na mtu mwingine.

Kwa huduma, kama ukarabati wa lifti au ulinzi, hakuna mzigo wa kuhesabu. Nafasi ya hati ya mapokezi huchukuliwa na cheti cha kazi iliyokamilika, kitiwe sahihi na msimamizi aliyeiona kazi, kikitaja saa, siku au sehemu ya kazi iliyofanywa. Kodi ya nyumba na umeme hulinganishwa na mkataba na usomaji wa mita. Kuziandikia oda ili zipitie mlango huu ni kuongeza karatasi tu, na hakuna atakachogundua karani kwa kuzilinganisha.

Ikiwa ofisi yenu ina watu wawili tu, gawanya kazi ili anayepokea mzigo asiwe ndiye anayetayarisha malipo. Mwenye kampuni anaweza kuweka oda na kuidhinisha malipo, ilimradi hesabu ya getini ifanywe na mtu ambaye hajaiona safu ya idadi.